Kabla ya Kusema "Yaishe": Kugeuza Lawama Kuwa Tatizo la Wote Kazini

Katika vituo vingi vya kutolea huduma za afya, ugomvi wa watumishi wawili humalizwa kwa neno moja: "Yaishe." Kiongozi huwaita wahusika ofisini, huwakumbusha maadili ya kazi, huwataka wapeane mikono, kisha huwaruhusu warudi wodini. Wiki mbili baadaye ugomvi ule ule hurejea, kwa kuwa kilichousababisha hakikuguswa. Njia nyingine iliyozoeleka ni ya kuamua nani mwenye haki. Hiyo nayo humwacha mmoja akiwa mshindi na mwingine akiwa na kinyongo, huku kasoro ya kazi ikibaki palepale.

Ipo njia ya tatu, nayo ni kulichukua shutuma linalomlenga mtu, kulivua tusi na hukumu, na kulirudisha mezani likiwa swali ambalo wote wawili wana haja ya kulijibu. Namna ya kufanya hivyo huonekana vizuri zaidi katika tukio moja lililofuatiliwa kwa saa na dakika.

Uchukuliwe mfano huu, uliotungwa kutokana na mambo yanayotokea katika vituo vya afya vya aina ile ya Wilaya ya Muleba. Saa 2:40 asubuhi anapokelewa mtoto wa miaka mitatu mwenye malaria kali, hemoglobini yake ikiwa gramu 3.8 kwa desilita. Anahitaji kuongezewa damu. Saa 3:10 muuguzi anachukua sampuli ya kupima kundi na ulinganifu wa damu, anaijaza fomu, na kumkabidhi shangazi wa mtoto aipeleke maabara. Fomu ina jina, lakini chupa ya sampuli haina. Saa 3:30 mteknolojia wa maabara anaikataa na kumwambia shangazi airudishe wodini. Shangazi hamkuti muuguzi, kwa sababu ameitwa chumba cha kujifungulia. Anaketi kwenye benchi kumsubiri, chupa ikiwa mkononi. Saa 4:50 muuguzi anamwona. Sampuli mpya inafika maabara saa 5:05, na damu inaanza kuingia mwilini mwa mtoto saa 6:00. Mtoto anapona, lakini watumishi wawili hawasemezani tena.

Muuguzi anasema, "Yule wa maabara ana kiburi, anaturudishia sampuli makusudi ili atukomoe." Mteknolojia anasema, "Wauguzi wa wodi ile ni wazembe, hawajali hata wakiua mtu." Maneno yote mawili yanahukumu nia na tabia, na nia ya mtu haipimwi wala haithibitishwi. Mganga mfawidhi akianza kuchunguza nani ana kiburi na nani mzembe, atasikiliza ushahidi mpaka jioni bila kufika popote.

Hatua ya kwanza ni kumsikiliza kila mmoja peke yake, kwa dakika kama kumi. Sentensi ya kufungulia ni hii: "Nieleze ulichokiona na saa ulipokiona, sababu zake tutazitafuta baadaye." Mtu akirudi kwenye hukumu, aulizwe: "Unaposema ni kiburi, ni tendo gani ulilolichukulia hivyo?" Swali hilo halimkatazi kukasirika. Linamwomba atoe tendo lililo nyuma ya hasira, na tendo likishatajwa linaweza kuchunguzwa.

Hatua ya pili ni kumrudishia msemaji kile anachokihofia, kwa maneno yasiyo na tusi. Kwa muuguzi: "Nikikuelewa vizuri, linalokuumiza ni kwamba mtoto alikuwa katika hatari, nawe hukujua sampuli yake iko wapi. Ni sawa?" Kwa mteknolojia: "Linalokusumbua ni kwamba ukipokea chupa isiyo na jina, damu isiyolingana inaweza kumfikia mgonjwa, na sahihi iliyo kwenye daftari ni yako. Ni sawa?" Neno la mwisho, "Ni sawa?", lisiachwe. Kiongozi anaweza kuwa amekosea kuelewa, na mhusika apewe nafasi ya kumsahihisha kabla jambo halijafikishwa kwa mwenzake.

Hatua ya tatu ni kuwakalisha pamoja. Hapo sarufi ya Kiswahili yenyewe ni msaada. "Umechelewesha damu" inamnyooshea mtu kidole. "Damu ilichelewa" inataja tukio. "Tufanyeje ili damu isichelewe?" inawapa wote kazi moja. Mganga mfawidhi aanze hivi: "Nyote wawili mmenieleza jambo moja kwa pande mbili. Kuanzia saa 3:30 hadi saa 4:50 chupa ilikuwa benchini, na hakuna mtumishi aliyejua kwamba iko pale. Tuanze na dakika hizo themanini."

Dakika hizo themanini ndizo kiini cha jambo. Kiburi hakizielezi, uzembe pia hauzielezi kikamilifu. Zilipotea kwa sababu taarifa ya sampuli kukataliwa ilikabidhiwa kwa ndugu wa mgonjwa, ambaye hakujua uzito wake wala ampe nani muuguzi akikosekana. Maswali yakielekezwa hapo, majibu hupatikana upesi. Chupa iandikwe jina na namba ya jalada kando ya kitanda, kabla ya muuguzi kuondoka. Maabara ikikataa sampuli ya damu ya kuongezewa, ipige simu wodini papo hapo na kuandika saa na jina la aliyepokea taarifa. Sampuli ya namna hiyo isirudishwe kupitia kwa ndugu. Kikao kifungwe kwa swali hili: "Nani atafanya nini, kuanzia lini, na tutajuaje kwamba limefanikiwa?" Baada ya wiki mbili daftari la maabara litajibu: sampuli ngapi zilikataliwa, na ilichukua dakika ngapi kupata nyingine.

Kikaoni mtu huteleza na kurudia lawama. Asikemewe. Inatosha kumwambia, "Hilo ni neno juu ya mtu, litaje kama tukio." Akisema, "Hawa wa maabara kila siku wako hivi," aulizwe, "Mara ya mwisho ilikuwa lini, na nini kilitokea?" Neno "kila siku" likigeuzwa kuwa Jumanne iliyopita, jambo hupungua ukubwa na kuanza kushikika.

Katika Mkoa wa Kagera kuna jambo moja zaidi la kuangalia, nalo ni namna ya kuitana. Mteknolojia mzee wa Kihaya akiitwa "Ta" kwa heshima, na muuguzi kijana aliyehamishiwa kutoka mkoa mwingine akaitwa "wewe", kikao kimeegemea upande mmoja kabla hakijaanza. Hali ni hiyo hiyo kiongozi akidokeza neno la Kihaya kwa mmoja ambalo mwingine halielewi. Heshima itolewe kwa wote, na kikao chote kiendeshwe kwa Kiswahili.

Wapo watakaosema kwamba njia hii inaficha makosa. Hofu hiyo ina msingi. Chupa isiyo na jina ni kosa la kweli, kwa kuwa damu ya kundi lisilolingana huweza kuua, na mteknolojia alifanya sawasawa kuikataa. Kwa hiyo kiongozi asijifiche nyuma ya "sisi". Akisema "tulikosea" pale alipokosea mmoja, anamtwisha mwingine lawama isiyo yake, naye aliyekosea hajifunzi. Akisema "makosa yalifanyika" na kuishia hapo, hakuna mwenye kuyarekebisha. Kosa la mtu mmoja azungumziwe huyo peke yake, faraghani, kwa maneno yaliyo wazi: "Chupa haikuandikwa jina, na kuiandika ni wajibu wako. Ni nini kilikuzuia siku ile?" Kikao cha wawili kishughulikie lile linalowahitaji wote wawili.

Wahudumu wa afya wanaijua tayari njia hii kwa jina lingine. Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg katika Wilaya ya Bukoba Vijijini. Hadi mlipuko ulipotangazwa kumalizika, tarehe 2 Juni 2023, watu 9 walikuwa wamehesabiwa kuugua na 6 kati yao walifariki. Miongoni mwa waliougua walikuwamo wahudumu wa afya wawili, na mmoja wao alipoteza maisha. Katika kufuatilia maambukizi ya namna hiyo, mchunguzi huuliza virusi vilipita wapi, siku gani, na nani alikuwa karibu. Akiuliza nani aliyeuleta ugonjwa, watu hujificha, na mnyororo wa maambukizi hupotea pamoja nao. Mtumishi anayetarajia kuhukumiwa naye huficha saa halisi na chupa halisi, na bila hizo hakuna kinachorekebishika.

Njia hii ina mipaka. Dawa zikiibwa, rushwa ikiombwa, kumbukumbu zikighushiwa, mtu akipigwa au kunyanyaswa kijinsia, hakuna "tatizo letu sote" la kutafuta. Aliyetendewa asikalishwe meza moja na aliyemtenda. Taratibu za nidhamu na sheria zifuate. Hata katika ugomvi wa kawaida, mmoja akiwa msimamizi wa mwingine, yule wa chini hukubali kila kitu ili atoke salama. Dalili zake hutambulika: anajibu "sawa tu, bosi" kwa kila swali, hataji saa wala tukio, na hana pendekezo lolote. Kiongozi akiziona, asimamishe kikao na kumsikiliza tena peke yake.

Dalili za kufanikiwa nazo zipo. Wahusika huanza kusahihishana saa badala ya tabia: "Hapana, ilikuwa saa tatu unusu, si saa nne." Mmoja hutaja ugumu wa mwenzake bila kulazimishwa. Simu kati ya wodi na maabara huanza kupigwa hata kwa sampuli ambazo hazikuzungumziwa kikaoni. Si lazima wawe marafiki. Inatosha taarifa zipite kati yao.

Mgonjwa na ndugu zake pia wanaweza kuitumia lugha hii. Anayeelekezwa huku na huko, kila dirisha likilaumu lingine, halazimiki kuchagua upande. Anaweza kusema: "Naomba kujua sampuli ya mtoto iko hatua gani sasa, na ni nani anayeishughulikia." Na akiwa ndiye aliyekabidhiwa chupa ya kurudisha, asikae nayo benchini. Aingie wodini, amkabidhi mtumishi yeyote aliye zamu, na aseme kwamba maabara imeikataa.