Stempu Kwenye Mkataba wa Nyumba

Tuseme, msomaji, umepanga nyumba mjini Kericho kwa miaka miwili, kodi ikiwa Sh15,000 kwa mwezi. Umelipa amana ya Sh30,000 na mkatia sahihi mkataba. Je, karatasi hiyo yatosha?

Haitoshi mkikosana. Sheria ya Ushuru wa Stempu, Sura ya 480, yasema hati isiyopigwa stempu haiwezi kupokewa kama ushahidi katika kesi ya madai. Mpangaji anayedai amana yake atakwama, na mwenye nyumba anayedai malimbikizo ya kodi atakwama vivyo hivyo.

Hesabu si ngumu. Kwa mkataba wa mwaka mmoja hadi mitatu, ushuru ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Sh15,000 mara 12 ni Sh180,000, hivyo ushuru ni Sh1,800. Ukipita miaka mitatu, ni asilimia 2. Kwa kawaida mpangaji ndiye hulipa.

Tayarisheni PIN za pande zote mbili, mjaze maombi kwenye iTax, mlipe, kisha hati ipigwe stempu. Fanyeni hivyo katika siku 30 tangu kutia sahihi. Mkichelewa, hati bado yaweza kupigwa stempu, lakini mtatozwa na faini.

Msichanganye stempu na usajili wa ardhi: mkataba wa miaka miwili au chini hauhitaji kusajiliwa. Kila mmoja abaki na nakala yenye stempu.