Haringi, Hajakuona

Na Saidi Mnandila

Juzi mwalimu mmoja wa shule ya msingi huku Mtawanya aliniomba niseme na wanafunzi mstarini, wasibaguane kwa sura. Nilitaka kuanza na "uzuri wa mtu ni tabia", nikaacha. Mtoto anayeijua methali hiyo kwa moyo ndiye huyohuyo anayemwita mwenzake zeruzeru wakati wa mapumziko.

Nikawauliza: mwenzenu mwenye ualbino mnamwonaje? Wakajibu bila kificho. Anaringa, ukimpungia mkono haitikii. Mvivu, haandiki yaliyo ubaoni. Tena anakutazama kichwa upande, kama anakudharau.

Nikawaambia, hayo matatu si tabia. Ni macho.

Mwenye ualbino ana upungufu wa rangi iitwayo melanini, kwenye ngozi, nywele na hata macho. Jicho lisilo na rangi ya kutosha hupitisha mwanga mwingi, basi jua la saa nne kwenye mchanga mweupe humpofusha. Sehemu ya ndani ya jicho inayoona vitu vidogo nayo haikukomaa vizuri, kwa hiyo miwani humsaidia lakini haimalizi tatizo. Macho yenyewe huchezacheza. Akiinamisha kichwa upande, anatafuta pembe ambayo yanatulia kidogo, apate kukuona wewe.

Kwa hiyo mkono uliompungia kutoka ng'ambo ya uwanja hakuuona. Msogelee, mwite jina, na wewe ujitaje. Darasani mpisheni dawati la mbele, mbali na dirisha linaloingiza jua, na anayenakili ubaoni asome kwa sauti ya chini ili jirani yake aandike. Msimcheke kwa kofia pana na shati la mikono mirefu: ngozi yake huungua haraka, na kuungua kwa miaka mingi huleta saratani.

Mvulana mmoja akanyoosha kidole: "Na kama nimemsogelea, nimemwamkia, bado akaninunia?"

Watoto wakacheka. Nikamjibu, hapo sasa umemjua tabia, amekununia kweli.

Ili waone maana ya kumpima mtu kama wengine, nikawapa mfano wa jirani zetu. Mwaka 2010 watu wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Barwany kuwa mbunge wao, mtu wa kwanza mwenye ualbino kushinda ubunge wa jimbo Tanzania. Nchi ilikuwa bado inatetemeka kwa mauaji ya wenye ualbino Kanda ya Ziwa. Mwaka 2015 aligombea tena, akashindwa, kama wanavyoshindwa wabunge wengine wengi.

Nimemtaja kwa yote mawili, kupata na kukosa. Sikuwaomba watoto wamwone mwenzao malaika. Akiwa mkarimu, wamsifu kwa ukarimu wake; akiwa mchoyo, wamlaumu kwa uchoyo wake. Ila kwanza wahakikishe kwamba amewaona.