Kamenu, tuache kuzika mawe kwenye matope

Kila mvua, barabara yetu ya mtaa hapa Kamenu inamwagiwa mawe. Mvua ikiisha, mawe yamezama. Wasee, shida si mawe! Gari likipita, udongo mweusi uliolowa unapanda katikati ya mawe, nayo yanashuka. Lazima kwanza utandike jiotekstaili, kitambaa cha kuvitenganisha. Lakini si kitambaa chochote. Karatasi ya nailoni inafungia maji chini. Kitambaa chepesi kinatobolewa mawe yakishindiliwa. Kwa kuchuja udongo wa chembe ndogo hivi, tundu lazima liwe dogo: maji yapite, udongo ubaki. Kwa hivyo mkandarasi akija, usimuulize ameleta lori ngapi. Muulize kitambaa kiko wapi, na tundu lake ni ngapi.