Ukuta wa Ngazi Si Dirisha la Duka

Nyumba za ghorofa zinazidi kujengwa, na tunaona kosa moja linarudiwa kila tunapoalikwa. Sebule imepambwa ikapambika, vyumba vinanukia udi, lakini ngazi imebaki kama ya ofisi. Au imejazwa vitu mpaka mtu anapanda ubavuubavu. Rai yetu ni hii: ngazi ni njia kwanza, pambo baadaye. Kila kinachowekwa pale kipimwe na mwili wa anayepita.

Tumeliona hili Maisaka, Babati, kwa ndugu yetu aliyeolewa huko kutoka Unguja. Ngazi yake ina vidato kumi na vinne: saba, kisha pumziko inapokata kona, kisha saba tena. Kila kidato kina kimo cha sentimita 17 na kina cha 28. Alikuwa ametundika fremu tatu za vioo kwenye mstari mmoja ulionyooka, kama anavyofanya sebuleni. Fremu ya kwanza, juu ya kidato cha pili, ilikuwa sawa na macho, sentimita 150. Lakini ngazi inapanda na mstari haupandi. Ukifika kidato cha sita umeshapanda sentimita 68 zaidi, kwa hiyo fremu ya tatu ilikuwa kwenye nyonga, sentimita 82 tu.

Na hapo ndipo palipokuwa na hatari. Mama mkwe wake ni mtu mzima, na upande wa ukuta hakuna mkono wa kushikia. Huteremka kwa kupapasa ukuta kwa kiganja. Kila akishuka mkono wake ulikuwa unakutana na kioo. Basi akaacha kupanda juu, na wajukuu wanalala juu.

Tulitoa fremu zote. Badala yake tulitundika kawa tatu za ukindu tulizomchukulia kutoka nyumbani, zile bapa zenye upana wa sentimita 40 hivi. Ni nyepesi, hazivunjiki, na hata ikianguka moja haimuumizi mtu. Tulipima sentimita 150 kutoka juu ya kidato cha pili, tukatia alama ya penseli, ndipo pawe katikati ya kawa ya kwanza. Tukarudia kwenye kidato cha nne na cha sita. Kila kawa ikawa juu ya mwenzake kwa sentimita 34, na zote zikapanda pamoja na mtu. Ukingo wa chini umebaki sentimita 130, kiganja cha bibi kinapita chini yake bila kugusa kitu. Kabla ya kutoboa, tulikata magazeti mviringo, tukayabandika kwa gundi ya karatasi, tukapanda na kushuka mara kadhaa. Gazeti likikosewa unalihamisha, tundu likikosewa linabaki.

Msumari wa kawaida kwenye ukuta wa tofali za saruji hupinda au kupasua plasta. Tumia drili yenye ncha ya zege ya milimita 6, tia plagi ya plastiki, kisha skrubu. Ukiona tundu linatoa mchanga tu na plagi inazunguka, hapo plasta imeachana na tofali. Hama kidogo, usilazimishe.

Sehemu ya chini ya ukuta tuliipaka rangi ya kuosheka, mkanda wa mita moja unaofuata mpando wa vidato. Vumbi jekundu la Babati pamoja na viganja vya watoto huacha alama, na chokaa huhamia kwenye nguo.

Pumziko la ngazi ndipo watu wengi hupakia: jagi la maua, zulia dogo, kiti. Tulitoa vyote. Zulia lisiloshikwa chini huteleza, na hapo ndipo mguu unapogeuka. Pazia refu tulilikata liishie kwenye kizingiti cha dirisha. Taa tuliiomba ifungwe swichi mbili, moja chini na moja juu, ili asipande mtu gizani.

Lakini pumziko tupu nalo ni baridi. Kwenye pembe ya nje, ambako hakuna anayekanyaga, tuliweka kishubaka kidogo cha pembetatu juu ya usawa wa kichwa. Juu yake tukaomba kibuyu cha zamani cha maziwa cha mama mkwe, kilichokuwa kimefichwa stoo. Kikafungwa kwa uzi nyuma, kisije kikaanguka.

Kawa za Unguja na kibuyu cha Babati, ngazi moja. Siku ya tatu tulimsikia mama mkwe amesimama hapo, mkono ukutani, akimweleza mjukuu jinsi kibuyu kinavyosafishwa kwa moshi kabla ya kutiwa maziwa. Alikuwa njiani kwenda juu.