BEI YA KARAMU NA HESABU YAKE

Kila ifikapo karamu ya kumuaga mwenzetu anayestaafu, mmoja katika makarani wetu hukabidhiwa karatasi ya bei ya mwenye kuandaa chakula. Mara nyingi hutazama jumla tu, na kwa kuwa pameandikwa "bei isiyobadilika", huipeleka kutiwa sahihi. Kwetu sisi, jumla ndiyo tarakimu ya kutazamwa mwisho.

Natutoe mfano wa Tanzania Bara, ambako kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18. Wanachama 120 wametoa Sh. 20,000 kila mmoja, yaani Sh. 2,400,000. Karatasi yasema: Sh. 15,000 kwa mgeni, wageni 120, ada ya huduma asilimia 10, na kodi juu ya chakula na huduma pamoja. Jumla iliyoandikwa ni Sh. 2,531,100. Fedha iliyochangwa haitoshi. Je, wanachama waongezewe mchango?

Kwanza karani na atafute gharama ya mgeni mmoja. Elfu kumi na tano pamoja na huduma ni 16,500; ukiongeza kodi, ni 19,470. Kwa wageni 120 ni Sh. 2,336,400, na fedha yatosha. Tofauti ni Sh. 194,700. Sasa na aigawanye jumla ya karatasi kwa 19,470: atapata 130 kamili. Basi kosa halikuwa katika kodi wala huduma. Wamehesabiwa wageni kumi wasiokuwako, labda kutoka barua ya kwanza kabla idadi haijapunguzwa.

Kama mgawanyo usingetoka kamili, angetafuta kwingine. Wako wanaojumlisha 10 na 18, wakatoza 28 kwa mia juu ya chakula peke yake. Hapo jumla ingekuwa Sh. 2,304,000, pungufu kwa Sh. 32,400, ambayo ndiyo kodi ya ile ada ya huduma. Upungufu huo usimfurahishe mtu, maana waweza kurudi katika ankara ya mwisho. Tena kama 15,000 ilikuwa na kodi ndani yake tayari, kuiongeza tena ni kulipa mara mbili. Neno "pamoja na kodi" au "bila kodi" lazima liandikwe kando ya bei ya mgeni, si chini ya ukurasa tu.

Hesabu ikiisha kupatana limebaki swali ambalo tarakimu haziwezi kujibu: ni kipi kisichobadilika? Ikiwa ni bei ya kila mgeni, wakija 104 chama kitalipa Sh. 2,024,880. Ikiwa ni jumla, kitalipa ya watu 120 hata viti vikibaki vitupu. Mwenye kuandaa chakula na aandike jibu lake, pamoja na siku ya mwisho ya kubadili idadi, kabla ya malipo ya kwanza.