Asante Gani Hii Inayodai Nyota Tano Kabla Kahawa Haijapanda Basi?

Leo naomba niwachokoze vijana wenzangu wa Nyanda za Juu Kusini wanaouza bidhaa mtandaoni. Bidhaa zao ni nzuri, vifungashio vinapendeza, na malipo ya simu ni dakika moja tu. Wanaharibu pale wanapofika kwenye barua pepe ya shukrani.

Ninao mfano. Niko hapa Iringa, nikaagiza kahawa ya kusagwa, gramu 250, kwa wachoma kahawa fulani wa Mbeya. Jina nalihifadhi, maana ugonjwa huu si wao peke yao. Dakika mbili baada ya kulipa, ikaingia barua hii:

"Ndugu Mteja, asante kwa kuchagua bidhaa zetu bora. Kuridhika kwako ndiyo furaha yetu. Tafadhali bonyeza hapa utupe nyota 5. Barua hii imetumwa na mtambo, usijibu."

Jamani! Kahawa bado iko Mbeya, haijafika hata stendi. Mimi natoa nyota tano za nini? Za kasi ya kupokea pesa yangu? Anayefanya hivi hashukuru, anaomba. Tena anaomba kwa mtu ambaye hana la kusema, kisha anamfungia mlango asijibu.

Lakini kuomba mapema si kosa kubwa kuliko yote. Kubwa zaidi ni kile ambacho barua haikusema. Watanzania wengi tunaokunywa kahawa nyumbani tumelelewa na Africafe: kijiko kikombeni, maji moto, koroga, kunywa. Ni sawa kabisa, kwa sababu ile inayeyuka. Kahawa ya kusagwa haiyeyuki. Sasa mpe mtu aliyezoea kopo mfuko wa kahawa ya Mbozi bila maelezo yoyote. Ataikoroga vilevile, machicha yatamjaa mdomoni, atasema kahawa hii mbovu na kurudi kwenye kopo lake. Wasomi wa mjini watamcheka kwamba ni mshamba. Mimi nasema mshamba ni aliyemuuzia na kumwachia abahatishe. Muuza duka wa Mwanjelwa akikuuzia dawa ya panya anakueleza uiweke wapi. Huyu wa mtandaoni ana anwani yako, ana jina lako, na anatumia nafasi hiyo kukuambia kwamba kuridhika kwako ndiyo furaha yake!

Sipendi kulaumu bila kupendekeza. Hii hapa barua ileile, ningeiandika mimi. Kichwa chake kingekuwa "Kahawa yako imepanda basi, ipike hivi", na ingetumwa siku mzigo unapoondoka Mbeya:

"Habari za kazi, kaka. Kahawa yako, gramu 250, imepanda basi asubuhi hii, utaipokea Iringa jioni.

Hii ni ya kusagwa, haiyeyuki kikombeni. Weka kwenye jagi vijiko 3 vya chakula, vya kusawazisha, kwa kikombe kikubwa cha mililita 250. Mimina maji yaliyotoka kuchemka, koroga mara moja, funika dakika 4, kisha chuja kwa chujio la chai. Ikiwa nyepesi, ongeza kijiko. Ikiwa chungu mno, punguza dakika moja.

Ukishafungua mfuko, ukunje vizuri uuweke kabatini, si kwenye friji. Imalize ndani ya wiki mbili, harufu yake ikiwa bado ipo.

Ukifika kikombe cha tatu, tuandikie mistari miwili hapa: unaipikaje, na unaionaje? Anayefikiria kununua atasoma. Ukikwama popote, jibu barua hii, naisoma mwenyewe. Asante sana."

Chini yake jina la mchomaji mwenyewe, basi.

Tazama kilichobadilika. Asante imekwenda mwisho, kwa sababu maelezo yenyewe ndiyo shukrani. Vipimo si vya kupamba. Vijiko vitatu vya kusawazisha ni kama gramu 15, hivyo mfuko mmoja unatoa vikombe 16 hivi. Anayekunywa viwili kwa siku anaumaliza kwa siku nane, na kikombe cha tatu anakifikia siku ya pili. Hapo ameshakosea mara moja na kurekebisha, na mfuko bado haujaisha. Huyo ana la kusema.

Na swali limebadilika pia. Ukimwambia mtu "tupe nyota", atakupa nyota na neno "nzuri". Mnunuzi anayefuata hapati kitu hapo. Ukimuuliza anaipikaje, anaweza kuandika kwamba anatumia chujio la chai na vijiko viwili vinamtosha. Mtu wa Makambako asiye na mtambo wa kahawa akisoma hivyo anajua na yeye ataweza. Maoni yamekuja yenyewe, kama mtu anayeendeleza mazungumzo.

Mtaniuliza: si bora kununua programu, iandike barua moja iwafae wote? Haya, chukueni maji ya moto. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huko yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Dar es Salaam yanachemka kwenye 100. Wapishi wengi wa kahawa wanapendekeza nyuzi 90 hadi 96. Kwa hiyo wa Mbeya na Iringa anamimina mara tu yakichemka, wa Dar anasubiri kama dakika moja. Ni sentensi moja tu ya kubadilisha kwenye barua inayokwenda Dar, lakini ni lazima aiandike mtu anayejua kahawa yake inakwenda wapi.

Kuna ujanja mmoja nimeusikia ukisifiwa, nao naupinga kabisa: muulize mteja kwanza kama ameridhika, akisema ndiyo, mpe kiungo cha kuandika Google, akisema hapana, mwelekeze kwenye barua yako ya ndani. Unaonekana wa busara, kumbe ni kuchuja mashahidi. Masharti ya Google yanakataza kuwachagua wenye sifa tu, na yanakataza kulipia maoni kwa punguzo au zawadi. Kwenye barua yangu kiungo ni kimoja kwa wote, na anayetaka msaada anajibu. Hao ni watu wawili tofauti, wala mmoja hazuiwi kufanya yote mawili.

Utajuaje kama barua imefanya kazi? Usihesabu nyota. Soma majibu. Wateja watatu wakiuliza jambo lilelile, tuseme kijiko kipi, sentensi yako ndiyo mbovu, ibadilishe kesho yake. Kama hakuna anayejibu kabisa, angalia anwani unayotumia: huenda bado imeandikwa `noreply`, na umewaziba midomo mwenyewe.

Na hata barua nzuri haiokoi kahawa iliyoungua. Ukiwaeleza watu namna ya kuipika sawasawa, watajua upesi zaidi kwamba kosa ni lako. Nashuku ndiyo sababu wengine wanaona heri waombe nyota mapema.