Kabla ya maikrofoni, tafuteni ukimya

Kuna imani iliyojengeka miongoni mwa vijana wengi wanaorejea nyumbani kutoka Tanzania kwamba kazi ya kuuza sauti, yaani kusoma matangazo ya biashara na vitabu vya kusikiliza, huanza kwa kununua maikrofoni ya bei mbaya. Nimeona mtu akiuza baiskeli yake apate maikrofoni ya aina ile inayoonekana kwenye picha za studio za Ulaya, kisha akaiweka mezani katika chumba chenye sakafu ya saruji na paa la bati, umbali wa hatua chache kutoka kinu cha kusaga mahindi. Alichonasa kilikuwa kinu, na yeye akisikika kwa mbali.

Mimi nafanya kazi hii nikiwa pembezoni mwa Zone Industrielle hapa Bujumbura, mahali ambapo mtu mwenye akili timamu asingechagua kujenga studio. Kuna maghala, malori yanayorudi nyuma huku yakipiga king'ora, mashine za kusaga na jenereta zisizohesabika. Hata hivyo kazi inafanyika, na sababu yake si ubora wa chombo nilichonunua.

Ndugu msomaji, hebu tuanze na hesabu moja ambayo ukiielewa, mengine yote yatakunyookea. Katika programu ya kurekodi, kwa mfano Audacity ambayo haiuzwi, ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli kuanzia sifuri kwenda chini. Sifuri ndiyo dari, na sauti ikiigonga hukwaruza. Hasi 20 ni sauti ya mtu anayesoma vizuri, na hasi 60 ni ukimya wa kuridhisha. Soko la vitabu vya kusikiliza la Amazon linaloitwa ACX limeweka wazi masharti yake: wastani wa sauti uwe kati ya hasi 23 na hasi 18, kilele kisizidi hasi 3, na kelele ya chumba wakati msomaji amenyamaza isizidi hasi 60. Soko hilo halipokei wasomaji wanaoishi hapa kwetu, kwa kuwa limefunguliwa kwa wakazi wa Marekani, Uingereza, Kanada na Ayalandi tu. Lakini vipimo vyake ni kipimo kizuri cha kujikagua, na anayevifikia hatarudishiwa kazi na redio yoyote kwa sababu ya kelele.

Ukivisoma vizuri vipimo hivyo utaona vinadai jambo moja: tofauti ya desibeli 40 baina ya sauti yako na kelele ya chumba. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Mtu anarekodi, anaona kelele yake ni hasi 63, anafurahi. Haangalii kwamba sauti yake imeingia ikiwa dhaifu, tuseme hasi 32. Akiipandisha kwa desibeli 12 ifike hasi 20, kelele nayo inapanda kwa desibeli 12 zile zile na kufika hasi 51. Sasa kila anapovuta pumzi, msikilizaji anasikia jenereta ya jirani. Kelele ipimwe baada ya kupandisha sauti, si kabla.

Dawa ya kwanza haina gharama, nayo ni kusogea. Kila unapopunguza nusu ya umbali baina ya mdomo na maikrofoni, sauti yako huongezeka kwa desibeli 6 hivi, wakati kelele ya nje inabaki pale pale. Msomaji wetu wa hasi 32 alikuwa amekaa sentimita 40 kutoka kwenye maikrofoni. Akija sentimita 20 amepata 6, akija sentimita 10 amepata 12. Sauti inaingia ikiwa hasi 20, kelele imebaki hasi 63, na tofauti ni 43. Hakununua kitu, amesogeza kiti tu.

Ukaribu huo una adha zake. Herufi P na B hupiga kishindo, na sauti nzito huzidi uzito. Vuta soksi ndefu ya kike juu ya waya uliokunjwa duara, iweke katikati, kisha ugeuze maikrofoni kidogo ili pumzi ipite pembeni yake. Ndiyo maana pia nawashauri wanaoanza wachukue maikrofoni ya kawaida ya waimbaji, ile ya kushika mkononi, badala ya ile nyepesi kuhisi ya studio. Ya studio husikia hata kuku wa jirani. Ya waimbaji husikia vizuri kilicho karibu na kupuuza kilicho mbali, na hapa kwetu upuuzaji huo una thamani. Zipo zinazoingia moja kwa moja kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Asiye nayo aanze na simu, kwa masharti yale yale ya umbali.

Sasa chumba. Watu huchanganya mambo mawili: kuzuia kelele ya nje isiingie, na kuzuia mwangwi wa sauti yako mwenyewe. Trei za mayai zinazobandikwa ukutani hazizuii kelele ya nje hata kidogo, na mwangwi zinaupunguza kwa shida. Kelele huzuiwa na kitu kizito kisicho na upenyo, na mwangwi humezwa na kitu kinene chenye nyuzi. Wafanyabiashara wa mpakani, mnavyo vyote viwili na hamjui! Marobota ya nguo, yale ambayo Kigoma huitwa mitumba na hapa tunayaita chaguwa, ni mazito na ni manene. Mimi hurekodi kwenye kona ya stoo ya ndugu yangu, katikati ya marobota yaliyopangwa pande tatu hadi juu ya kichwa, na blanketi zito nyuma ya mgongo. Piga kofi moja kabla ya kupanga na jingine baada ya kupanga. La kwanza litakuwa na mkia unaolia kama ndani ya pipa, la pili litakatika papo hapo. Bila stoo, simama ndani ya mlango wa kabati lililojaa nguo. Godoro moja lililoegemezwa ukutani ni mwanzo tu, halitoshi peke yake.

Bati la juu halina dawa ya bei nafuu. Mvua ikianza, funga kazi. Joto nalo ni kali humo katikati ya marobota bila feni, kwa hiyo baada ya dakika 40 hivi toka upumue, maana sauti ya mtu anayetoka jasho husikika kuwa ya mtu aliyechoka.

Jambo jingine ambalo wageni hulikosea ni saa ya kurekodi. Hudhani umeme wa Regideso ukikatika ndiyo wakati wa ukimya. La hasha. Umeme ukikatika hapa viwandani jenereta zote huamka pamoja, na kwa kweli miezi ile mafuta yalipoadimika mjini ndiyo niliyofanya kazi safi kuliko yote (wenzangu waliokuwa kwenye foleni ya petroli wanisamehe). Saa nzuri ni pale umeme upo, jenereta za majirani zimelala, na wewe umechomoa kompyuta yako ukutani na kutumia betri, ili ule mvumo wa umeme usiingie kwenye waya wako. Ngurumo nzito inayobaki hukatwa kwa kichujio kiitwacho High-Pass Filter ukikiweka kwenye 80 Hz. Mlio wa mashine ya kukata vyuma hakiutoi, na zana ya kufuta kelele ikizidishwa hufanya msomaji asikike kama anazungumza ndani ya mtungi wa maji. Dalili ya kuzidisha ni herufi S inayokatika mwishoni mwa neno. Ukiisikia, rudi nyuma.

Nije kwenye wanunuzi, ambako ndiko nina ugomvi na wenzangu. Wengi hukimbilia kwenye redio kuomba kazi. Redio zina watangazaji wao, na mara nyingi bei ya tangazo tayari imejumuisha sauti. Mwenye haja na sauti yako ni yule anayelipia tangazo: mwenye duka la jumla, mwenye mabasi, muuza sabuni anayetaka kueleweka Uvira, Bujumbura na Kigoma kwa wiki moja. Na hapa ninyi mliokulia Mtabila, Nyarugusu au Ulyankulu mna kitu ambacho mzaliwa wa Buyenzi hana. Mnajua Kiswahili cha Kigoma kinavyosikika masikioni mwa mtu wa Kigoma, na Kirundi cha nyumbani mnacho. Muuza nguo aliyenijia alitaka tangazo moja la sekunde 30 kwa pande zote. Sekunde 30 hubeba maneno 60 hivi kwa mwendo usiomkimbiza msikilizaji, naye alileta 110. Tuliyapunguza, tukaandika matini mbili, moja ikisema mitumba na shilingi, nyingine chaguwa na faranga, na akalipia mbili. Wasikilizaji wa hapa si wa kudanganywa kwa lafudhi ya kuigiza. Tangu Studio Ijambo ilipoanzishwa mwaka 1995 na kuwaletea mchezo wa Umubanyi Niwe Muryango, masikio yao yamezoea watu wanaozungumza kama watu.

Malipo yaandikwe, hata kama ni kwa karatasi ya daftari: maneno mangapi, marekebisho mangapi, litapigwa wapi na kwa muda gani. Mwenzangu mmoja alilipwa tangazo la mwezi mmoja, na kampuni ile ikalipiga miaka miwili bila kumuongeza hata senti. Hakuwa na karatasi, akaambiwa sauti ilishanunuliwa. Sauti haiuzwi kama kilo ya sukari. Inakodishwa, na muda ukiisha ikodishwe upya. Kabla nusu ya pili ya fedha haijaingia Lumicash, mteja apewe sampuli yenye mlio unaopita juu ya maneno kila baada ya sekunde chache. Akishalipa, mtumie faili safi ya WAV kwa WhatsApp kupitia Document, kamwe si kama ujumbe wa sauti, maana huko hubanwa na kazi yako yote ya marobota hupotea njiani.

Vitabu navyo vipigiwe hesabu kabla ya kutajiwa bei. Kwa Kiswahili mimi husoma maneno 110 kwa dakika. Kitabu cha maneno 60,000 basi ni saa 9 za kusikiliza, na kila saa iliyokamilika hunila saa 6 za kusoma, kurudia, kukata na kukagua. Hizo ni saa 54. Mwandishi aliyekuja mwezi uliopita na bei ya siku 2 mfukoni nilimfanyia hesabu hiyo kwenye karatasi mbele yake, akaondoka kufikiri, kisha akarudi na ombi la sura tatu za kwanza tu. Tumekubaliana, na ya kwanza narekodi Jumapili, vinu vikiwa vimefungwa.